Idi inahama kila mwaka: grafu ya Google Trends inasomwaje ili nianze matangazo ya kanzu kwa wakati?

Fundi_wa_Gerezani

Wakuu, salaam. Nina ofisi ndogo ya ushonaji hapa Gerezani, Dar. Tuna mafundi watatu na mimi wa nne. Kazi yetu kubwa ni kanzu za wanaume na watoto, na msimu wetu ni Idi ya mwezi wa Ramadhani.

Mwaka huu nilianza kulipia matangazo ya Instagram zikiwa zimebaki wiki mbili. Meseji zilikuja kama mvua, ila wakati huo meza ilikuwa imeshajaa na mafundi wanalala na cherehani. Nilirudisha advansi za watu kumi na moja, na wawili kati yao walinitolea maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Sasa kuna kijana kanionyesha Google Trends, grafu ya jinsi neno linavyotafutwa Google. Nimeandika `kanzu`, nchi Tanzania, miaka mitano. Naona mlima unapanda na kushuka kila mwaka. Mlima wa 2025 uko mwisho wa Machi. Kwa akili yangu, mwakani nianze matangazo mwanzoni mwa Machi, yaani wiki nne kabla. Niko sawa au najidanganya?

Tajiri_wa_Bando

Hii ni rahisi, mkuu. Chukua miaka mitano, tafuta wiki ya kilele kwa kila mwaka, piga wastani wa tarehe, kisha rudi nyuma wiki sita. Hapo ndipo pa kuanzia. Mimi nauza vikapu vya zawadi za Krismasi. Kilele changu ni wiki ya tatu ya Desemba, matangazo yanaanza mwanzoni mwa Novemba, na sijawahi kukosa. Ukianza wakati wenzako wote wameamka, utalipia tangazo bei ya kuruka.

Mama_Yusra

Samahani kwa kuingilia, kanzu ya mtoto wa miaka saba ni shilingi ngapi? Na mnaleta Mbagala?

Msomagrafu_wa_Mtwapa

Fundi, ukianza mwanzoni mwa Machi mwakani utakuwa umechelewa tena, pengine kuliko mwaka huu. Idi ya 2026 inategemewa tarehe 20 au 21 Machi, mwezi ukiandama. Ukianza tarehe moja unabakiwa na wiki tatu tu, na mafundi wako watakuwa wameshajaa oda za watu wa mtaani.

Tajiri kasema jambo zuri kwenye kurudi nyuma, ila wastani wake wa tarehe unafaa kwa Krismasi kwa sababu Krismasi haihami. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 hivi, kwa hiyo Idi inarudi nyuma siku kumi hadi kumi na mbili kila mwaka. Kwa Tanzania ilikuwa 22 Aprili 2023, 10 Aprili 2024 na 31 Machi 2025. Ukipiga wastani wa hizo unapata kama 10 Aprili, tarehe ambayo mwakani itakuwa imeipita sikukuu kwa wiki tatu. Nimeshaona duka moja la mabaibui huku Mombasa likifanya hivyo, likaagiza mzigo kwa kutumia wastani. Mzigo ulifika watu wameshakula pilau.

Achana na tarehe za Januari na Februari. Kila wiki ya grafu ipe namba kulingana na wiki zilizobaki kufika Idi ya mwaka ule. Pakua faili la CSV (kuna alama ya mshale juu ya grafu), lifungue kwenye Excel au Google Sheets, kisha ongeza safu moja. Kwa mistari ya msimu wa 2025 fomula ni hii:

```
=INT((DATE(2025,3,31)-A2)/7)
```

Safu ya A ni tarehe ya Jumapili ambayo wiki inaanzia, na ile 2 ni namba ya mstari, weka ya mstari wako. Kwa msimu wa 2024 badilisha iwe `DATE(2024,4,10)`, na kwa 2023 `DATE(2023,4,22)`. Sifuri ni wiki yenye Idi yenyewe, 1 ni wiki iliyoitangulia, na kuendelea. Baada ya hapo panga misimu mitatu pembeni kwa pembeni kwa namba hiyo. Utaona milima iliyokuwa imetawanyika inakaa karibu mahali pamoja.

Fundi_wa_Gerezani

Hapa umenifungua macho. Nimeifanya usiku huu, dogo wangu kanisaidia. Ila kuna kitu hakikai sawa. 2023 kilele kiko kwenye sifuri, 2025 kiko kwenye moja. Ina maana watu mwaka huu walitafuta mapema zaidi?

Tajiri_wa_Bando

Ndiyo, tabia imebadilika. Watu siku hizi wananunua mapema. Nilisema.

Msomagrafu_wa_Mtwapa

Hapana, tusikimbilie huko. Tazameni siku. Idi ya 2023 ilikuwa Jumamosi, na wiki ya Trends inaanza Jumapili. Kwa hiyo wiki ya sifuri ya 2023 ilikuwa na siku sita nzima za pilikapilika kabla ya sikukuu. Idi ya 2025 ilikuwa Jumatatu, ikimaanisha wiki ya sifuri ilibeba Jumapili moja tu ya kutafuta, na siku zilizobaki watu walikuwa wameshavaa. Hata kama wateja wako hawakubadilika hata kidogo, kilele lazima kiangukie wiki ya nyuma.

Dawa yake ni kuchukua data ya siku badala ya wiki. Ukichagua kipindi kisichofika miezi tisa, Trends inakupa nukta ya kila siku. Chukua, kwa mfano, 1 Januari hadi 15 Aprili 2025, pakua. Kisha kipindi kinacholingana cha 2024, pakua peke yake. Kisha 2023. Hesabu siku zilizobaki badala ya wiki.

Angalizo moja hapo. Kila unapochukua kipindi, Trends inakipa kilele cha kipindi hicho namba 100 na kupima mengine yote dhidi yake. Kwa hiyo 60 ya faili la 2024 na 60 ya faili la 2025 si kitu kimoja. Unachoweza kulinganisha ni umbo: lini inaanza kupanda, inapanda kwa kasi gani, inaporomoka lini. Urefu wa mlima wa mwaka huu na ule wa mwaka jana usiulinganishe kwa njia hii.

Habari njema ni kwamba mwakani Idi ikiwa Ijumaa au Jumamosi, msimu wa 2023 ndio utakaofanana zaidi na wako ukisoma kwa wiki.

Mwanahabari_Koko

Mimi mbona nikiangalia trend za Tanzania naona mpira na wasanii tu? Kanzu haijawahi kutrendi hata siku moja. Mnatumia alama gani ya reli?

Msomagrafu_wa_Mtwapa

Hiyo ni nyingine, ndugu. Unayoisema ni orodha ya kinachozungumzwa saa hii. Sisi tunatazama historia ya neno moja miaka kadhaa nyuma, kwenye ukurasa wa kuchunguza neno. Kitu hakihitaji kutrendi ili kiwe na msimu.

Mama_Madaftari_Nakuru

Jamani naomba niulize langu kwa sababu linafanana. Nauza yunifomu na mikoba ya shule hapa Nakuru. Mimi msimu wangu ni Januari, haihami kama Idi. Lakini nikifungua grafu ya miaka mitano ya `school uniform` Kenya, naona fujo. Kuna vilima Aprili 2022 na katikati ya 2021. Nimefuata ile ya kupiga wastani, ikaniambia nianze matangazo Machi! Machi nani ananunua yunifomu?

Msomagrafu_wa_Mtwapa

Mama, kumbuka kalenda ya shule ilivyoyumba baada ya korona. Mwaka wa masomo wa 2021 ulianza 26 Julai 2021. Wa 2022 ukaanza 25 Aprili 2022. Wa 2023 ulianza 23 Januari, ndipo 2024 na 2025 ikarudi wiki za mwanzo za Januari. Grafu haikosei, inakuonyesha wazazi walivyokimbia madukani kila shule zilipofunguliwa. Kosa ni kuichukulia miaka hiyo kama kawaida. Itoe 2021 na 2022, na ile ya 2023 ihesabu kutoka siku ya kufungua shule. Ukitaka miaka mingi zaidi, rudi 2017 hadi 2019.

Na wewe pia usihesabu kutoka Januari mosi. Hesabu kutoka tarehe ya kufungua iliyotangazwa na wizara, kama Fundi anavyohesabu kutoka Idi.

Mama_Madaftari_Nakuru

Ahsante sana. Kumbe nilikuwa nasoma ugonjwa nikadhani ni msimu. Nikijaribu `sare` badala ya yunifomu napata kitu cha ajabu zaidi, kilele kila wikendi.

Tajiri_wa_Bando

Hahaha mama, hizo ni sare za mpira! Timu zikitoka sare watu wanatafuta matokeo.

Msomagrafu_wa_Mtwapa

Hapo Tajiri yuko sahihi kabisa. Andika `sare za shule`, na ujue huko Kenya wengi wanaandika kwa Kiingereza hata kama dukani wanaongea Kiswahili. Kila mara shuka chini ya grafu utazame maneno yanayoambatana na lako. Yakiwa ni majina ya timu, neno lako limetekwa.

Mpemba_wa_Wete

Nimesoma kimya kimya, sasa niseme. Fundi, hilo neno `kanzu` nalo limetekwa, ila si na mpira. Limetekwa na harusi.

Sisi huku Ramadhani hatuozi. Kwa hiyo Shaabani nzima ni harusi juu ya harusi, watu wanakimbizana na mfungo. Bwana harusi anataka kanzu, wapambe wanataka kanzu, mjomba naye anataka kanzu mpya. Ukiona grafu inainuka wiki ya saba au ya sita kabla ya Idi, halafu inatulia, usiseme "Idi imeanza mapema". Hiyo ni Shaabani. Mfunguo mosi nao harusi zinarudi, ndiyo maana baada ya Idi mstari haushuki moja kwa moja mpaka chini.

Msomagrafu_wa_Mtwapa

Nakubali, na nakiri sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa na kilima hicho kwenye grafu zangu za mabaibui nikakiita kelele. Ahsante Mpemba.

Ssebo_Kampala

Huku Uganda ni zaidi. Kanzu inavaliwa na kila mtu, Mkristo kwa Mwislamu, kwenye utambulisho wa ndoa, kwanjula. Ukiacha nchi iwe "dunia nzima" utapata harusi zetu zote ndani ya hesabu yako. Hakikisha umechagua Tanzania.

Fundi_wa_Gerezani

Nimechagua Tanzania. Sasa wakuu, nikiondoa Shaabani, nitajuaje ni wiki ipi hasa inaanza kupanda? Kwa macho naona inapanda kila mahali. Na tatizo lingine: data ya siku ina sifuri nyingi. Leo nikivuta napata namba hizi, kesho nikivuta kitu kilekile napata nyingine. Nilidhani nimeharibu simu.

Msomagrafu_wa_Mtwapa

Simu yako nzima. Trends haihesabu utafutaji wote, inachukua sampuli. Kwa neno linalotafutwa sana tofauti haionekani, lakini `kanzu` kwa Tanzania pekee ni neno dogo, kwa hiyo sampuli ya leo na ya kesho zinatofautiana. Na sifuri haimaanishi hakuna aliyetafuta. Inamaanisha waliotafuta hawakufika kiwango cha kuonyeshwa.

Fanya hivi. Vuta faili lilelile siku nne au tano tofauti, kisha piga wastani wa kila tarehe. Halafu badala ya siku mojamoja, tumia wastani wa siku saba zinazofuatana. Mstari utatulia. Usihangaike kuongeza `kanzu za watoto` au `kanzu za eid` kwenye kisanduku, kwa sababu `kanzu` peke yake imeshazibeba hizo ndani. Alama ya kujumlisha inakusaidia pale watu wanapokiita kitu kimoja kwa majina mawili. Mimi kwa wanawake naandika `baibui + abaya`. Wewe usiandike `eid` peke yake. Neno hilo linapaa siku ya sikukuu kwa sababu watu wanatafuta salamu na picha za kutumiana, na hao hawashoni chochote.

Kuhusu mwanzo wa kupanda, nitakupa hesabu yenye namba za kubuni ili uone njia, wewe utaweka zako. Tuseme ukishapanga misimu na kupiga wastani unapata hivi, kuanzia wiki ya nane kabla ya Idi hadi sifuri: 14, 19, 18, 15, 22, 31, 47, 78, 100.

Kwanza tafuta kiwango cha kawaida, yaani hali ya kanzu wakati hakuna sikukuu wala harusi nyingi. Usikichukue kwenye hizo wiki tisa, chukua miezi ya mbali kidogo. Tuseme ni 14. Mimi huweka mstari kwenye mara moja na nusu ya hapo, yaani 21. Mwanzo wa msimu ni wiki ya kwanza inayovuka mstari na kubaki juu wiki inayofuata. Wiki ya saba na ya sita zimeinuka hadi 19 na 18, hizo ni harusi za Mpemba, hazikuvuka na zikashuka. Wiki ya nne imevuka kwa 22, ya tatu ikaendelea kwa 31. Basi mwanzo ni wiki ya nne.

Hiyo mara moja na nusu si sheria ya mtu yeyote. Neno lenye kelele nyingi naliwekea mara mbili.

Tajiri_wa_Bando

Sawa, kwa hiyo anaanza wiki ya nne. Si ndiyo ileile mwanzo wa Machi aliyosema yeye?

Msomagrafu_wa_Mtwapa

Kwa Idi ya 31 Machi ingekuwa mwanzo wa Machi. Kwa Idi ya 21 Machi, wiki ya nne inaanza Jumapili 15 Februari, siku tatu nne kabla ya mfungo wenyewe.

Na hapo ndipo watu *wanapoanza kutafuta*. Matangazo yanatakiwa yawe yameshatangulia. Fundi, hebu niambie. Kwa siku mnatoa kanzu ngapi, na oda unafunga lini?

Fundi_wa_Gerezani

Kanzu za kawaida zisizo na tarizi nyingi, kumi na mbili kwa siku wote kwa pamoja. Zenye kazi shingoni na kifuani, saba au nane. Tunafanya siku sita kwa wiki. Oda ningependa nifunge siku kumi kabla ya Idi, maana zile siku za mwisho ni kurekebisha na kupiga pasi.

Msomagrafu_wa_Mtwapa

Basi tazama. Siku kumi kabla ya 21 Machi ni 11 Machi. Ile wiki ya 78 kwenye mfano wangu inaanza 8 Machi, na ile ya 100 inaanza 15 Machi. Yaani kilele chote cha grafu kinakuja wakati wewe umeshafunga au unafunga daftari. Ndiyo maana mwaka huu ulirudisha advansi. Matangazo yako yalifanya kazi vizuri mno. Yaliwakamata watu ambao duka lako halikuwa na namna ya kuwahudumia.

Kwa mtu anayeuza kanzu zilizoshonwa tayari, kilele ni chake. Kwa fundi wa vipimo, chakula chake ni ule mwinuko wa kabla ya kilele, wiki ya tano hadi ya pili. Ukishona kanzu kumi na mbili kwa siku kuanzia 9 Februari hadi 18 Machi, ukitoa Jumapili, ni siku 33, karibu kanzu 400 kama kila kitu kikienda sawa. Hakiendi sawa, umeme utakatika na fundi mmoja ataugua, kwa hiyo sema 300. Hizo 300 zinatakiwa zigawanyike kwenye wiki tano. Zikija zote wiki ya pili, umekufa.

Kwa hiyo mimi ningewasha tangazo Jumapili 1 Februari, wiki ya sita. Wiki mbili kabla ya kupanda.

Mdada_wa_Matangazo

Naongezea kwenye hizo wiki mbili, maana mimi ndiyo kazi yangu. Matangazo ya Instagram na Facebook yana kipindi cha kujifunza. Mfumo unahitaji kama matokeo 50 ndani ya siku saba kwa kila kundi la tangazo ndipo utulie na kujua nani wa kumwonyesha. Matokeo kwako ni mtu kuanza kukuandikia meseji. Kosa ninaloliona kila msimu ni mtu mwenye elfu kumi na tano kwa siku kuigawa kwenye makundi matano: vijana, wazee, Ilala, Temeke, Zanzibar. Kila kundi linapata meseji kumi na mbili kwa wiki, hakuna linalofika 50, na sikukuu inapita yote bado yanajifunza.

Weka kundi moja. Likishatulia usiliguseguse. Ukiongeza bajeti kwa mkupuo mkubwa au ukibadili walengwa, linaanza upya. Ukianza 1 Februari una nafasi ya kukosea mara moja na kurekebisha kabla soko halijachemka.

Na maneno ya tangazo yasiwe "Nunua kanzu ya Idi" wakati watu hata mfungo hawajauwaza. Februari onyesha vitambaa, mishono ya shingo, na mwambie mteja atume vipimo kwa WhatsApp. Neno la Idi liingie mfungo ukishaanza.

Mswahili_wa_Buguruni

Samahanini wataalamu, lakini mimi siamini hii kitu. Wateja wetu hawaingii Google kutafuta kanzu. Wanaona kwenye stetasi ya WhatsApp, TikTok, au wanapita dukani. Grafu ya Google inamhusu nani?

Msomagrafu_wa_Mtwapa

Hoja nzito, na sitaikwepa. Trends haikuambii wateja ni wangapi, na kwa biashara kama hii wengi hawaonekani humo kabisa. Mimi naitumia kama saa, kujua hamu ya watu inaamka lini. Kama wale wachache wanaotafuta Google wanaamka wakati mmoja na wa WhatsApp, saa inafaa. Kama hawaamki pamoja, saa ni mbovu.

Njia ya kuipima ni daftari la Fundi mwenyewe. Fundi, unaandika tarehe ya kupokea oda?

Fundi_wa_Gerezani

Ninayo. Madaftari ya risiti ya miaka miwili, na meseji za WhatsApp sijafuta.

Msomagrafu_wa_Mtwapa

Hiyo ni dhahabu kuliko grafu yangu. Hesabu oda kwa wiki, zipange kwa wiki zilizobaki kufika Idi, kisha weka pembeni ya Trends. Ila hesabu walioulizia pia, hata wale uliowakatalia. Ukihesabu oda ulizopokea tu, utaona zinaishia wiki ya pili na kudhani watu wameacha kutaka, kumbe wewe ndiye uliyejaa.

Fundi_wa_Gerezani

*(siku nne baadaye)*

Nimerudi, wakuu. Nimehesabu na dogo, macho yanauma. Watu wa WhatsApp wanaanza kuulizia wiki ya tano, karibu wiki moja *kabla* ya Google kuinuka. Wanaoulizia mapema ni akina mama wenye watoto wengi, wanashonesha kanzu nne tano kwa mpigo. Wa wiki mbili za mwisho ni vijana, kanzu mojamoja, na ndio wanaoomba punguzo.

Mswahili wa Buguruni alikuwa na haki nusu. Google ipo ila inachelewa wiki.

Msomagrafu_wa_Mtwapa

Safi sana. Basi saa yako inachelewa wiki moja na sasa unalijua hilo. Rudisha mwanzo hadi 25 Januari. Na tangazo la kwanza lisiwe na kijana mwenye miwani ya jua, liwe na baba na watoto wanne wamevaa kitambaa kimoja.

Mpemba_wa_Wete

Kuna jambo hamjaligusa. Mshahara. Idi ya 31 Machi 2025 ilikuja watu wameshalipwa mwezi wa tatu. Mwakani Idi ni 20 au 21, wengi mshahara wa Machi haujaingia. Watu watanunua kwa mshahara wa Februari, ambao nao utaliwa na futari. Na Januari kuna ada za shule. Hizo grafu za miaka mitatu hakuna hata moja yenye hali hiyo. 2023 Idi ilikuwa tarehe 22, walau inakaribia.

Msomagrafu_wa_Mtwapa

Kweli kabisa, na hapa sina jibu la uhakika. Mimi nategemea milima miwili: mdogo siku za mwisho za Februari mishahara ikiingia, kisha mkubwa karibu na Idi, ukiwa na watu wa kubembeleza bei. Msimu wa 2023 ungenisaidia kama neno lingekuwa kubwa, ila kwa siku mojamoja kelele ni nyingi, sioni kitu cha kuapia.

Tajiri_wa_Bando

Mimi naona tofauti. Mtu wa Idi anakopa. Hakuna mzazi atakayemwacha mtoto bila nguo mpya kwa sababu mshahara haujaingia. Mlima utakuwa mmoja tu, na utabanana zaidi mwishoni. Fundi akianza 25 Januari atachoma hela wiki tatu bure.

Mdada_wa_Matangazo

Ndiyo maana wiki hizo za mwanzo aweke bajeti ndogo ya kutosha kufikisha zile meseji 50 kwa wiki, basi. Aongeze kidogo kidogo kuanzia wiki ya tano. Kama Tajiri yuko sahihi, hasara si kubwa.

Msomagrafu_wa_Mtwapa

Na asisubiri Idi ipite ndipo ajue. Kuanzia mwisho wa Januari, kila Jumatatu avute siku 90 za karibuni, alaze mstari huo juu ya misimu iliyopita kwa siku zilizobaki. Ukiinuka mapema kuliko kawaida, asogeze bajeti mbele. Jambo moja la kuangalia: kipande cha mwisho cha mstari huwa cha nukta nukta, maana data yake haijakamilika. Karibu kila mara kinaonekana kama kinashuka. Nimewahi kuzima kampeni ya watu kwa sababu ya kipande hicho, na siku mbili baadaye mstari ulikuwa umepaa. Mteja yule hakunirudia.

Fundi_wa_Gerezani

Nimeandika yote kwenye daftari. Naanza 25 Januari kwa bajeti ndogo, kundi moja, picha ya baba na watoto. Oda nafunga 11 Machi. Na nitashona kanzu sitini hivi za saizi za kawaida mapema Februari, za wale vijana wa dakika ya mwisho. Kuhusu mshahara, nitawaletea mrejesho Idi ikipita tuone nani kati ya Mpemba na Tajiri.

Mama_Yusra

Bado sijajibiwa kanzu ya mtoto wa miaka saba.

Fundi_wa_Gerezani

Nisamehe sana mama, nimekuona sasa hivi. Bei inategemea kitambaa, nakutumia picha uchague. Mbagala tunaleta. Nipe urefu kutoka begani hadi kifundo cha mguu, na uongeze inchi mbili maana atakuwa amerefuka mpaka Machi.

Mama_Yusra

Wako watatu. Nitawapima wakitoka madrasa.